Kopo Lipi kwa Kichwa Kipi: Pomedi, Udongo, Waksi na Jeli kwa Nywele Fupi za Kiume

Kijana mmoja alikuja kwangu Ijumaa jioni akiwa na kopo la udongo wa nywele alilolinunua siku mbili kabla. Pembeni alikuwa amenyolewa chini kabisa, juu zimeachwa kama sentimita 3, nywele za kipilipili nene na zenye afya. Kesho yake alikuwa msimamizi wa harusi ya rafiki yake, na alitaka visokoto vidogovidogo visivyong'aa, kama alivyoviona kwenye picha ya kopo. Alichokuwa nacho kichwani kilikuwa kitu kingine. Nywele zilikuwa za kijivu kama za mtu aliyetoka mashine ya kusaga, zimekauka, na kila akipitisha chanuo, vipande vifupi vya nywele vilibaki kwenye meno yake.

"Kaka, hapa wameandika mshiko 5 kati ya 5," aliniambia, akinisogezea kopo. "Mbona haushiki?"

Nimenyoa watu Dar es Salaam kwa miaka 11, na swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi. Kopo halikumdanganya. Nambari ile ya mshiko haina kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, kila kampuni hujipangia yake. Tena karibu kila mara kichwa kinachofikiriwa na aliyeipanga ni cha nywele za singa. Kijana wangu alinunua jibu la swali la mtu mwingine.

Tuanze na neno lenyewe, kushika. Unywele wa singa ni mviringo kwa umbo, kama uzi wa kushonea, na ukiwa mfupi husimama kidogo kisha huangukia upande unaouelemea. Kazi ya kinachoshika hapo ni kuuzuia usianguke, au kuulaza upande ambao haukuutaka. Unywele wa kipilipili ukiukata na kuutazama kwenye hadubini ni bapa zaidi, kama utepe, na hujikunja tangu unapotoka kwenye ngozi. Ukiwa na sentimita 2 au 3 hauanguki popote. Unasimama wenyewe bila msaada wa mtu. Taabu yake ni kwamba kila mmoja unajikunja kwa njia yake, na asubuhi kichwa kinakuwa timtim. Kushika kwa nywele hizi maana yake ni kuzikusanya katika mafungu, zikubaliane kujisokota pamoja, au kuzilaza zote ziangalie upande mmoja. Mwenye singa anataka nguzo, mwenye kipilipili anataka kamba ya kufungia mzigo.

Kabla ya kamba hiyo kuna maji, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ndani ya unywele kuna vifungo vingi vidogo ambavyo maji huvilegeza, na nywele zikikauka vifungo hivyo hujifunga upya katika umbo lolote zilizokuwa nalo wakati wa kukauka. Ndiyo maana ukilala na kichwa kibichi unaamka na alama ya mto. Kwa hiyo umbo la nywele fupi za kipilipili hutengenezwa na maji pamoja na mkono, brashi au sponji. Jeli au pomedi inakuja kulinda umbo hilo lisiharibiwe na hewa, jasho na shuka. Kijana wangu alipaka udongo kwenye nywele kavu, akawa analinda umbo ambalo hajalitengeneza.

Sasa makopo yenyewe. Manne yanaonekana mengi, lakini kwa namna ya kushika yako makundi mawili tu. Jeli hukauka ikawa utando mgumu. Pomedi ya mafuta, waksi ya nta na udongo havikauki hivyo. Vinabaki laini na kunata, na hushika kwa sababu ya kule kunata. Tofauti hiyo ina uzito kuliko jina lolote lililoandikwa juu ya kifuniko, kwa sababu kila kundi lina namna yake ya kushindwa.

Jeli kwa sehemu kubwa ni maji, yaliyofanywa mazito, na ndani yake kuna polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi. Iliyozoeleka zaidi kwa miaka mingi inaitwa PVP. Maji yakishakauka, nyuzi hizo zinabaki zimezizungushia nywele ganda jembamba linalozifunga pamoja. Ganda hilo ni laini juu na linarudisha mwanga kama kioo, ndiyo maana jeli inang'aa. Uzuri wake kwa kipilipili ni kwamba inakuja na maji yake yenyewe. Inalainisha, inafuata mkunjo, kisha inaugandisha. Katika vyote vinne, hii ndiyo inayoweza kukusanya visokoto vya sentimita 2 vikatulia siku nzima.

Udhaifu wake ni hewa na mkono. PVP inapenda maji, na katika hewa yenye unyevunyevu mwingi, kama ya Mombasa, Tanga au Dar mwezi wa Aprili, utando unayavuta na kulegea. Mtu aliyetoka nyumbani na kichwa kikavu kama ganda la yai anafika mjini kinanata, vumbi limekaa juu. Kwenye hewa kavu kunatokea kinyume chake. Ganda linakuwa gumu mno, na ukishika kichwa mara moja linapasuka na kumwaga vipande vyeupe mabegani. Wateja wengi wamenijia wakilalamika kuwa wana mba, kumbe ni jeli iliyovunjika. Kuitambua si kazi. Lowesha kichwa kidogo: kama weupe ni wa jeli, unayeyuka na kuwa utelezi vidoleni. Mba haiyeyuki.

Weupe huo una chanzo kingine kinachowasumbua hata mafundi. Jeli fulani hazipatani na baadhi ya mafuta ya maji au dawa za kulainisha nywele zinazopakwa kabla. Zikikutana, polima zinagandana na kuwa chembechembe kama za maziwa yaliyokatika. Usisubiri ulione kichwani. Chukua tone la kila kimoja, uvisugue pamoja kiganjani kwa nusu dakika. Vikibaki laini, endelea. Vikifanya punje, kimojawapo kirudi kabatini.

Pomedi ni neno la zamani, asili yake ni tunda la tufaha lililotiwa zamani katika mafuta ya kujipaka. Leo jina hilo linabeba vitu viwili visivyofanana, na watu wengi wamepoteza fedha kwa kutolijua hilo. Ipo pomedi ya mafuta, ambayo msingi wake ni mafuta mazito ya petroli kama vazelini, yaliyochanganywa na nta. Murray's, iliyoanzia kwa kinyozi wa Chicago katika miaka ya 1920, ni ya ukoo huo. Na ipo pomedi ya maji, iliyobuniwa ili itoke kwa kuoshwa kirahisi. Nyingi za aina hii ndani yake zina polima zilezile za jeli, kwa hiyo baada ya saa moja zinakauka na kukaza. Ukitegemea kuzichana upya mchana, chanuo linakwama.

Kopo likiwa mezani na maandishi yamefutika, fanya hivi. Paka kiasi cha punje ya choroko kwenye kidole, kisugue, kisha upitishe kidole chini ya bomba. Maji yakikimbia na kufanya matone ya mviringo juu ya ngozi, ni ya mafuta. Ikigeuka povu au maziwa na kuondoka, ni ya maji. Jaribio hilo lifanye na kwenye kopo lililoandikwa waksi, maana siku hizi kuna waksi nyingi zinazoonyesha hadi chini ya kopo ambazo kwa tabia ni ndugu wa jeli. Hizo ndizo mafundi wengi hupenda kulazia nywele za kwenye paji la uso baada ya kuchonga.

Pomedi ya mafuta haiogopi unyevunyevu. Maji hayaipiti kirahisi, kwa hiyo inafunga ndani yale yaliyokwisha kuingia na kuzuia ya hewani yasizivuruge nywele. Kinachoishinda ni joto. Vazelini huanza kulegea karibu na joto la mwili, na kichwani, juani, hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwenye singa nyembamba, kufika saa saba mchana nywele zote zimelala na zinaonekana hazijaoshwa juma zima. Kwenye kipilipili iliyonyolewa chini, kulegea huko si hasara, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimesimamishwa.

Mahali pa pomedi ya mafuta pasipo na mpinzani ni mawimbi, wenyewe vijana wanayaita wevu. Nywele zinataka ziwe na urefu wa kati ya nusu sentimita na sentimita moja. Zikiwa fupi zaidi mkunjo haujajitokeza, zikiwa ndefu mno zinajisokota na kupoteza wimbi. Lowesha kichwa kwa taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa. Chukua pomedi kiasi cha punje moja ya kunde, si zaidi, uisugue viganjani mpaka iwe kama mafuta ya maji, ndipo upake. Halafu piga brashi kuanzia utosini kwenda nje pande zote, dakika 10 hivi, kisha funga duragi usiku. Baada ya wiki 4 hadi 6 za kufanya hivyo kila siku, mkunjo wa kila unywele unakuwa umelazwa sawa na wa jirani yake, na mwanga unaanza kucheza kwenye mistari. Anayepaka jeli kupata wevu anakata tamaa mapema, kwa sababu kila asubuhi brashi inavunja ganda la jana na kung'oa nywele pamoja nalo.

Waksi nitaipita haraka zaidi. Msingi wake ni nta, mara nyingi ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Kichwa cha mtu hakifiki huko, kwa hiyo waksi inalegea juani lakini haimwagiki kama vazelini. Ina mng'ao wa wastani na inaruhusu kupangwa upya, jambo linalomfaa dereva wa bodaboda anayevua na kuvaa kofia ngumu mara 30 kwa siku. Jeli yake ingekuwa unga kufika adhuhuri. Inazifaa nywele za singa nene na ngumu za sentimita 3 hadi 5, ambazo pomedi haina nguvu ya kuzisimamisha. Kwa kipilipili ni nzuri pembezoni tu, kwa kiasi kidogo. Ukiijaza ndani ya visokoto inakamata vumbi, na kuitoa ni kazi ya siku mbili.

Udongo wa nywele ndio mgeni zaidi katika saluni zetu, na ndio unaosifiwa kuliko unavyoeleweka. Ndani yake kuna udongo kweli: bentonaiti, au kaolini, udongo mweupe wa aina ileile inayopatikana kwenye vilima vya Pugu nje ya Dar es Salaam. Umechanganywa na nta na mafuta ili upakike. Chembe zake ndogo zinafanya kazi mbili. Zinanyonya mafuta, na zinaufanya unywele uwe na mkwaruzo, ukishikana na mwenzake kwa msuguano badala ya gundi. Mwanga ukiupiga uso huo wa chembechembe unatawanyika ovyo, na mng'ao unapotea. Kwa mtu mwenye singa nyembamba na kichwa chenye mafuta mengi, hii ni dawa. Nywele zinaonekana nyingi, zinasimama, hazinati.

Upeleke sasa kwenye kipilipili. Mafuta ya ngozi ya kichwa yanapita kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye uliojisokota yanakwama karibu na shina, kwa hiyo ncha za kipilipili ni kavu kwa asili. Udongo unanyonya hata kile kidogo kilichofika. Mkwaruzo nao tayari upo, maana kila mkunjo unagusa mwingine. Ukiuongeza, nywele zinakamatana na kufanya vifundo, na chanuo linapokuja halina njia isipokuwa kukata. Vile vipande kwenye chanuo la kijana wangu vilitokana na hilo.

Halafu kuna suala la rangi, na hapa lugha yetu ina neno linalomaliza mjadala. Kile ambacho matangazo yanakisifu kuwa mwonekano usiong'aa, juu ya nywele nyeusi zilizojisokota sisi tunakiita kupauka. Unywele wa singa uliolala una uso mrefu ulionyooka, unarudisha mwanga hata usipopakwa kitu, kwa hiyo kuna mng'ao wa kupunguza. Kipilipili inautawanya mwanga kwa mikunjo yake yenyewe. Tayari haing'ai. Ukiongeza unga mweupe juu yake unapata kijivu, na mtu anaonekana hajaoga. Mwenye kipilipili anayetaka nywele zisimetemete hahitaji udongo hata kidogo. Anahitaji tu kupaka mafuta machache kuliko jirani yake. Nimebishana na mafundi wenzangu juu ya jambo hili, wengine wanasema udongo ukichanganywa na mafuta ya nazi unafaa. Mimi naona hapo wanachofaidi ni mafuta ya nazi.

Basi tulimfanyia nini kijana yule. Kwanza tulimwosha kwa shampuu mara mbili. Nta iliyomo kwenye udongo haikutoka mara ya kwanza, maji yalikuwa bado yanatiririka juu ya nywele bila kuingia. Baada ya mara ya pili yaliingia. Nikapaka dawa ya kulainisha, nikaiacha dakika 5, nikaisuuza yote. Nikapangusa kwa taulo mpaka nywele zikawa mbichi lakini hazidondoshi maji. Hapo nikachukua jeli kiasi cha kijiko kidogo cha chai, baada ya kuijaribu kiganjani na dawa ile ya kulainisha isije ikakatika, nikaipaka kwa vidole hadi kwenye shina.

Kisha sponji ya kusokotea, ile yenye matundu, kwa mzunguko mmoja usiobadilika, upande wa saa, bila kukandamiza, kama dakika 6. Ukibadili upande katikati, unafumua ulichosuka. Visokoto vilipoanza kujitenga nilimwambia asiguse kichwa dakika 20, akakaa karibu na feni. Vilipokauka vilikuwa vigumu na vinang'aa kuliko alivyotaka, na uso wake ukaonyesha. Nikaweka matone 2 ya mafuta viganjani, nikayasambaza mpaka yakaonekana kama hayapo, nikaviminya visokoto taratibu. Ganda la jeli lilivunjikavunjika ndani kwa ndani bila kumwaga weupe kwa sababu ya mafuta yale. Umbo lilibaki, ule ugumu na mng'ao wa kioo ukaondoka. Weusi ulirudi.

Nilimwonya kuhusu mambo mawili. Usiku afunge kichwa kwa kitambaa cha hariri au duragi, asubuhi apulize maji kidogo bila kuongeza jeli, kwa sababu jeli juu ya jeli ndiyo inayozaa maganda. Na asikubali mtu ampake pomedi kwenye paji la uso ili kulaza pembezoni. Madaktari wa ngozi Plewig, Fulton na Kligman walieleza mwaka 1970 chunusi za aina ya pekee kwa watu waliokuwa wakipaka pomedi nzito: vipele vidogo vingi vinavyofanana, vimejipanga kwenye paji na panjani, pale mafuta yanapoteremkia. Ninaziona hata leo kwa vijana wa wevu. Zinapungua mtu akiacha kopo, au akianza kupaka kidole kimoja nyuma ya mstari wa nywele na kupangusa paji kabla ya kufunga duragi, ila subira ya wiki kadhaa inatakiwa.

Kuhusu kuosha, neno moja kwa wenye pomedi ya mafuta. Shampuu peke yake itahangaika nayo. Paka kwanza mafuta mepesi, ya nazi au ya alizeti, kwenye nywele kavu, usugue dakika 2 mpaka pomedi ilegee ndani yake, ndipo uweke shampuu kabla ya maji. Maji yakitangulia, shampuu inateleza juu. Utajua imetoka pale maji yanapolowesha nywele badala ya kukimbia. Wenye jeli hawana taabu hii, maji ya vuguvugu yanawatosha.

Jumatatu kijana alirudi kulipa deni la shampuu, visokoto bado vimesimama. Alikuja na mfanyakazi mwenzake, mwenye nywele za singa laini na nyembamba ambazo kila siku zilikuwa zikimlalia usoni. Kwapani kijana alikuwa na lile kopo la udongo. Nilimkata mwenzake juu zikabaki sentimita 4, nikazikausha kwa mashine huku nikizinyanyua kwa vidole, kisha nikachota udongo kiasi cha punje ya kunde, nikausugua viganjani mpaka ukapata joto, nikaupitisha kutoka kisogoni kuja mbele, mizizini kwanza. Zilisimama, hazikung'aa, wala hazikuonekana zimepakwa kitu. Alilipa nusu ya bei ya kopo kwa mwenzake palepale kwenye kiti, akaondoka nalo.